Wakuu, naomba mnikosoe: tangazo la ofa ya 9 Desemba, duka la taa za sola

TaaZaKatoro · 22 Novemba 2024, saa 3:14 usiku

Habari za usiku wakuu. Nina duka dogo la vifaa vya sola hapa Katoro, Geita. Nimepata seti 40 za paneli ndogo, betri na taa 4, nataka kuzitoa kwa ofa ya Siku ya Uhuru. Mwaka huu tarehe 9 inaangukia Jumatatu, kwa hiyo watu wana siku tatu za kukaa nyumbani. Nina namba za wateja 1,150 za kutumia meseji, na bango moja la barabarani. Dizaina ameshanitengenezea la kijani na njano. Maneno niliyoandika ni haya:

"MWALIMU ALIWASHA MWENGE KILIMANJARO 1961, SISI TUNAUWASHA NYUMBANI KWAKO! Pata UHURU dhidi ya GIZA! Ofa kabambe ya miaka 63 ya Uhuru wa Tanzania 🇹🇿🇹🇿 Njoo tusherehekee kizalendo!"

Mke wangu kasoma akaniambia, "Unamuuzia nani, mteja au mkuu wa wilaya?" Sikumjibu, ila limenikaa kichwani. Nisaidieni kabla sijachapa.

---

Kijana wa Makoroboi · saa 3:31 usiku

Mkuu, hilo tangazo litakupeleka ndani. Kutumia alama za taifa kwenye biashara ni marufuku kabisa. Bendera, rangi za bendera, neno Uhuru, vyote ni mali ya serikali. Halafu ushauri wa bure: miaka 63, weka punguzo la asilimia 63. Watu wanapenda namba inayolingana na siku. Utauza zote saa nne asubuhi.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 4:02 usiku

Kijana, kufungua duka siku ya sikukuu si dhambi. Wakati wetu pia maduka ya Wahindi yalikuwa yanafungua nusu siku. Ufungue tu, ila walipe vijana wako posho ya siku hiyo, usiwafanyishe kazi ya bure kwa jina la taifa.

---

TaaZaKatoro · saa 4:10 usiku

Shikamoo mzee. Sikuuliza habari ya kufungua, nauliza maneno ya tangazo. Lakini hilo la posho nimelichukua.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 4:12 usiku

Marahaba. Basi miwani imenidanganya. Endeleeni.

---

Wino Mkavu · 23 Novemba, saa 1:48 asubuhi

Nimeandika matangazo ya redio na mabango Dar kwa miaka kumi na kitu, nikaharibu ya sikukuu za kitaifa si chini ya mara tatu, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza nimtulize Makoroboi. Tuna Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971. Bendera na Ngao ya Taifa kuzitia kwenye biashara bila kibali, hapo ndipo penye shida. Neno "Uhuru" halina mwenyewe, na kijani hakina mwenyewe. Kwa hiyo bendera ondoa, ngao usiiguse, mengine tuyapime kwa heshima, maana heshima na sheria havipimwi kwa kijiko kimoja.

Sasa maneno yako. Mwenge kule kileleni hakuuwasha Mwalimu kwa mkono wake. Aliyepanda na bendera na mwenge usiku ule wa Uhuru ni Luteni Alexander Nyirenda. Mwalimu alilisema wazo hilo kabla, mwaka 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria: mwanga uwekwe juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu. Uliona hiyo "nje ya mipaka"? Mwanga ule ulikuwa wa watu ambao bado walikuwa chini ya ukoloni. Wewe umeukunja ukauingiza sebuleni, ukauwekea bei. Ndiyo maana mkeo ameguna, hata kama hakukuambia sababu.

Halafu "uhuru dhidi ya giza". Meseji hiyo inakwenda kwa nani? Kwa mtu wa kijijini ambaye nguzo za umeme hazijamfikia. Ataisoma hivi: miaka 63 na bado niko gizani. Wewe ulitaka kumchekesha, umemkumbusha deni, tena deni lisilo lako. Akilijibu kwenye kundi la kijiji, duka lako limeingia kwenye siasa ambayo hukuipanga.

Kosa la aina hii nalijua kwa alama moja: tangazo linapochukua neno lililogharimu watu kitu kikubwa na kulitumia kwa kitu kidogo. Ukombozi wa bei, mapinduzi ya magodoro, mashujaa wa punguzo. Msomaji hawezi kukueleza kilichomkera, ila anakuona umevaa kanzu ya marehemu.

---

Bwejuu · saa 2:20 asubuhi

Na mie naomba nafasi. "Uhuru wa Tanzania" wa 1961 ndio upi huo? Tarehe 9 Disemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Disemba 1963, Mapinduzi yakaja 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Kila mwaka wenye maduka wanatuandikia miaka sitini na ngapi ya Tanzania, na kila mwaka tunasahihisha. Kama una mteja hata mmoja huku Unguja au Pemba, ataacha kusoma bei aanze kukusomesha historia.

---

TaaZaKatoro · saa 2:41 asubuhi

Ninaye mmoja Wete, ndugu wa shemeji yangu. Basi niandike Uhuru wa Tanganyika?

---

Bwejuu · saa 2:44 asubuhi

Ndiyo jina lake. Nchi ilikuwa Tanganyika.

---

Kijana wa Makoroboi · saa 2:50 asubuhi

Acheni hizo. Serikali yenyewe iliandika "miaka 60 ya Uhuru wa Tanzania Bara" mwaka 2021. Ukiandika Tanganyika watu wanakuona una ajenda.

---

Bwejuu · saa 2:53 asubuhi

Kuliita jina la nchi iliyopata uhuru ndiyo ajenda? Makubwa!

---

Wino Mkavu · saa 3:15 asubuhi

Huo ubishi hautaisha leo wala kwenye bango la taa. Kwa kazi hii andika "Siku ya Uhuru" au "9 Desemba" basi. Kila msomaji ataujua uhuru upi. Na hesabu ya miaka itoe, haikusaidii kuuza na ndiyo inayofungua mlango wa ugomvi. Najua Bwejuu hataridhika.

---

Bwejuu · saa 3:17 asubuhi

Sijaridhika. Lakini bora kunyamaza kuliko kukosea.

---

Mama Sare · saa 4:30 asubuhi

Mimi nashona sare za shule Kahama. Hilo bango lako la kijani na njano umeliangalia vizuri kaka? Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 mwezi huu. Kijani na njano peke yake ni chama. Bendera ya taifa ina bluu na nyeusi pia. Mwaka fulani nilipamba duka kwa vitambaa hivyo nikidhani nimeweka taifa, wiki nzima watu waliniuliza kadi zinatolewa saa ngapi. Wengine hawakuingia kabisa, na hao hawakuuliza kitu. Hasara yake ni hao.

---

TaaZaKatoro · saa 4:38 asubuhi

Dada umeniokoa. Nimemuuliza dizaina, anasema bluu "ilikuwa haikai vizuri" ndiyo maana akaitoa. Sikuwa nimeona.

---

Wino Mkavu · saa 4:55 asubuhi

Mama Sare kaona jambo ambalo mimi nimelipita. Hata ukiirudisha bluu, usikimbilie rangi nne za bendera, utaishia na bendera iliyopinda. Tumia rangi ya duka lako ya kila siku. Tarehe yenyewe inatosha kusema ni siku gani.

---

Mkimbiaji wa Eldoret · saa 5:20 asubuhi

Wadau wa Tanzania, salamu kutoka Kenya. Sisi tuna Jamhuri Dei tarehe 12 Disemba, Madaraka tarehe 1 Juni, na Mashujaa tarehe 20 Oktoba, kwa hivyo tuna nafasi tatu za kujiaibisha kila mwaka. Mimi nauza viatu. Mwaka mmoja wa Mashujaa niliweka bango "Kuwa shujaa wa bei!" na picha ya mtu amekunja ngumi. Akaja mama mmoja wa makamo, mteja wangu wa miaka, akasimama nje. Akaniambia baba yake alitoka kizuizini wakati wa Mau Mau akiwa hawezi tena kufunga kamba za viatu, vidole vilikuwa vimeharibika. Hakunikaripia. Alinunua viatu vya mtoto wake akaenda. Nilishusha bango kabla ya saa nane mchana.

Na sheria yetu ni kali kuliko yenu nadhani. Sura ya 99 inalinda bendera, nembo, na hata majina, la Jomo Kenyatta likiwemo. Usidhani ni picha tu.

---

Kijana wa Makoroboi · saa 5:41 asubuhi

Sawa, maneno mmeyanyoosha. Lakini hakuna aliyejibu habari ya asilimia 63. Ofa ndiyo inayouza, maneno ni chumvi tu.

---

Wino Mkavu · saa 6:30 mchana

Makoroboi hapa ana nusu ya ukweli. Ofa mbaya haiokolewi na maneno. Ndugu wa Katoro, tuwekee hesabu yako wazi kama huoni taabu.

---

TaaZaKatoro · saa 6:52 mchana

Seti moja mpaka ifike Katoro inanisimamia 124,000, na usafiri umo. Nauza 155,000. Duka la jirani pia ni 155,000, tunapishana kidogo sana.

---

Wino Mkavu · saa 7:25 mchana

Vizuri. Asilimia 63 ukiitoa kwenye 155,000 unabaki na 57,350. Unapoteza 66,650 kwa kila seti. Hakuna anayefanya hivyo. Anachofanya mwenye duka ni kupandisha kwanza. Tuseme unataka mteja alipe 139,000 na bango liseme punguzo la 63. Itabidi uandike bei ya zamani zaidi ya 375,000. Mteja wako anapita kwa jirani, anaona 155,000 kwenye kadi ileile. Papo hapo Siku ya Uhuru imekuwa siku uliyomdanganya. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupotosha wateja kuhusu bei, kwa hiyo si suala la aibu peke yake.

Kwa hiyo namba inayolingana na siku mara nyingi ndiyo inayoleta uongo, kwa sababu historia haikupangwa kwa ajili ya faida yako. Sema 139,000 badala ya 155,000. Ni punguzo la 16,000, mtu wa Katoro anajua 16,000 ni nini. Wewe unabaki na 15,000 kwa seti. Na useme zipo 40, kwa sababu kweli zipo 40.

---

Mama Sare · saa 7:40 mchana

Na hilo "tusherehekee" mbona hamjaligusa? Ghorofa la Kariakoo limeanguka tarehe 16, wiki moja tu imepita. Watu wa Kahama na Katoro wote tunachukua mzigo kule, kuna waliopoteza ndugu.

---

TaaZaKatoro · saa 7:58 mchana

Ni kweli. Ninayemchukulia mzigo duka lake liko mitaa ya karibu. Yeye yuko salama, lakini nilipompigia sauti ilikuwa nyingine. Nilifikiria niandike kwamba kila seti natoa 1,000 kwa wafiwa. Mnaonaje?

---

Wino Mkavu · saa 8:20 mchana

Kutoa, toa. Kutangaza ndiyo swali. Mimi nisingeiweka kwenye ofa, kwa sababu mteja atajiuliza hiyo 1,000 ulimfikishia nani, na wewe hutakuwa na jibu la kuonyesha.

---

Mkimbiaji wa Eldoret · saa 8:35 mchana

Sikubali, mkuu. Watu wengine wangependa kununua pale wakijua kuna kitu kinakwenda kwa wafiwa. Ukificha unawanyima nafasi. Cha muhimu ni risiti ya aliyepokea ubandike dukani baadaye.

---

Mama Sare · saa 8:41 mchana

Msiba si wa kubandika dukani. Mimi nasema atoe kimya.

---

Wino Mkavu · saa 9:10 alasiri

Hapo kila mmoja na moyo wake. Nirudi kwenye "tusherehekee". Hata bila msiba, usimwamrishe mtu hali ya moyo. Hujui siku hiyo itaamka vipi. Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa tukaambiwa tushike mifagio, siku ikawa ya usafi nchi nzima. Desemba 2018 zilifutwa tena, fedha zikaelekezwa kujenga hospitali Dodoma, na 2022 zikaenda kwenye mabweni ya shule za watoto wenye mahitaji maalumu. Mimi mwaka 2015 nilikuwa na tangazo redioni la mteja mmoja, lina ngoma na vigelegele, "njoo tushangilie". Wananchi wako kwenye mitaro na majembe, redio inalia ngoma ya punguzo la masofa. Tuliliondoa mchana, fedha za matangazo ya asubuhi zikawa zimekwenda.

Kwa hiyo andika maneno yanayoweza kusimama ikiwa kuna gwaride, au hakuna, au kuna msiba. "Heri ya Siku ya Uhuru" inasimama kote huko.

Halafu kitu ambacho siku hii inampa mteja kwa kweli ni nini? Mapumziko ya siku tatu. Kufunga sola kunataka mtu wa kupanda paa na mtu wa kushika ngazi, na Jumatatu hiyo wote wako nyumbani. Hiyo ni sababu halisi ya ofa kuwa wikiendi ile, na haikopi chochote kwa Mwalimu. Bango la bei ningeliandika hivi:

"Jumatatu wote mko nyumbani, wa kushika ngazi yupo.
Seti ya sola yenye taa 4: 139,000. Bei ya siku zote 155,000.
Zipo 40. Jumamosi 7 hadi Jumatatu 9 Desemba."

---

Kijana wa Makoroboi · saa 9:26 alasiri

Hapo uzalendo uko wapi sasa? Mwenye uzi anataka ofa ya Uhuru, wewe umempa ofa ya ngazi.

---

Wino Mkavu · saa 9:40 alasiri

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba uzalendo uwe na karatasi yake. Bango la bei lisimame peke yake, na salamu ya tarehe 9 isimame peke yake bila bei hata moja. Ugumu uko kwenye salamu, maana "tunawatakia Watanzania wote" imeandikwa na kila duka kuanzia Tunduma hadi Horohoro. Salamu ikiwa na kitu cha kweli cha mahali penu, watu wataisoma.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 1:15 usiku

Sasa nimeelewa mnachozungumza. Niwaambie kitu. Mwaka 1961 nilikuwa darasa la pili, upande wa Sengerema. Mwalimu wetu alikuwa na redio ya betri. Usiku ule wa kuamkia tarehe 9 watu walijaa kwake mpaka nje, sisi watoto tukakaa chini ya meza. Kulikuwa na koroboi moja tu. Huko Dar taa za uwanja zilizimwa, zilipowashwa bendera ilikuwa ya Tanganyika, sisi hayo tuliyasikia tu redioni. Kina mama wakapiga vigelegele, watu wakarukaruka, koroboi ikaanguka ikazimika. Hakuna aliyejali kuiwasha. Tulikaa gizani tunaimba. Nilikanyagwa mkono, alama ninayo hadi leo.

---

TaaZaKatoro · saa 1:22 usiku

Mzee! Hiyo ndiyo yenyewe. "Mwaka 1961 tulipokea Uhuru kwa koroboi, leo pokea sola!" Naomba ruhusa niitumie.

---

Mama Sare · saa 1:25 usiku

Ee Mungu. Karudi kulekule.

---

Wino Mkavu · saa 1:50 usiku

Ndugu yangu, umepewa dhahabu unataka kuichovya kwenye rangi. Sikia: mzee hakusema koroboi ilikuwa dhiki. Kasema ilizimika na hakuna aliyejali. Ukimalizia na "leo pokea sola" unamwambia furaha yake ilikuwa na upungufu ambao wewe umekuja kuuziba kwa 139,000. Iache ilivyo. Wanajua unauza taa, jina la duka lako lina neno taa. Mtu akitaka kuunganisha ataunganisha mwenyewe, na asipounganisha hujapoteza kitu.

Na ruhusa umuombe kwa adabu, si kwa mshangao.

---

TaaZaKatoro · saa 2:05 usiku

Mzee nisamehe. Naomba niitumie simulizi yako kwenye salamu ya tarehe 9, bila bei.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 2:30 usiku

Tumia. Jina langu usiweke. Na usiseme tulikuwa masikini, hatukuwa tunajiona hivyo.

---

TaaZaKatoro · 26 Novemba, saa 3:00 usiku

Nimeandika upya. Salamu itakayokwenda kwenye statasi na kubandikwa mlangoni tarehe 9:

"Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, mzee mmoja wa huku kwetu alikuwa darasa la pili. Watu walijaa kwa mwalimu kusikiliza redio, kwa mwanga wa koroboi moja. Vigelegele vilipopigwa koroboi ikaanguka ikazimika, na hakuna aliyejali kuiwasha. Heri ya Siku ya Uhuru."

Na meseji ya bei, itakayokwenda Alhamisi tarehe 5:

"Heri ya siku ya Uhuru kwako na wa nyumbani. Jumamosi 7 hadi Jumatatu 9 Des tupo wazi saa 2-10. Seti ya sola taa 4: 139,000 badala ya 155,000. Zipo 40."

Nimeacha ile heri mwanzoni, naona bila salamu meseji inakuwa kavu. Nilitaka kuweka na kibendera kimoja tu cha emoji.

---

Wino Mkavu · saa 3:35 usiku

Salamu ya kwanza usiiguse tena.

Meseji nimeihesabu, ina herufi 150. Meseji moja ya kawaida inabeba 160, kwa hiyo umo ndani. Ukitia kibendera kimoja tu, mtambo unabadilisha mwandiko, meseji inabeba 70, na ikigawanywa kila kipande kinabeba 67. Zako 150 zinakuwa vipande vitatu. Unalipa kiasi gani kwa kipande?

---

TaaZaKatoro · saa 3:41 usiku

Shilingi 20.

---

Wino Mkavu · saa 3:44 usiku

Kwa watu 1,150 ni 23,000. Na kibendera ni 69,000. Umelipa 46,000 kwa ajili ya picha ambayo kwenye simu za kitochi inatokea kama kisanduku kitupu. Faida ya seti tatu imekwenda na bendera haijaonekana.

Heri mwanzoni mwa meseji ya bei, mimi ningeiondoa, ungeiacha kwa tarehe 9. Lakini haivunji nyumba, ni salamu ya kawaida na haijajigamba. Amua mwenyewe.

---

Bwejuu · saa 4:01 usiku

"Huku kwetu" ni wapi? Andika Sengerema. Kwenye meseji ya mtu wa Wete, huku kwetu ni Wete.

---

TaaZaKatoro · saa 4:06 usiku

Mzee, Sengerema nitaje?

---

Mzee wa Nyehunge · 27 Novemba, saa 12:40 asubuhi

Taja. Sengerema ni kubwa, hawatanijua. Nakwenda kupiga kura.

---

TaaZaKatoro · 11 Desemba, saa 2:18 usiku

Nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi kwa watu walioniandikia faragha.

Meseji niliituma na ile heri, sikuweza kuitoa. Waliojibu meseji ni wachache, wengi walijibu "na wewe pia" kabla ya kuuliza kama kuna ya mkopo. Seti zimeuzwa 31. Jumamosi zilitoka 12, Jumapili 5, Jumatatu 14, na wengi wa Jumatatu walikuja wawili wawili, mtu na kijana wake. Hilo la ngazi lilisomwa.

Ile salamu ya koroboi ilifanya kitu sikukitegemea. Wazee wawili walisimama mlangoni wakaanza kubishana kama redio ya betri ilikuwepo Sengerema mwaka huo. Mmoja anasema haiwezekani, mwingine anasema kwa padri ilikuwepo. Walikaa kwenye benchi langu hadi saa saba. Hawakununua.

Kuna mmoja alikasirika. Alisema duka halina haki ya kusimulia habari za Uhuru hata kidogo, kila mtu aadhimishe kwake. Sikuwa na jibu, nikamwambia karibu tena.

Habari ya wafiwa wa Kariakoo nilitoa kupitia yule ninayemchukulia mzigo. Sijabandika popote, zaidi ya hapa.

---

Kijana wa Makoroboi · saa 2:30 usiku

Ungeweka 63 zingeisha zote.

---

Mama Sare · saa 2:33 usiku

Na duka lingeisha pia.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 3:05 usiku

Mwambie huyo mzee wa benchi kwamba redio ilikuwepo, na alama ya mkono ninayo, aje nimwonyeshe. Halafu zimebaki tisa. Nifungie moja kwa hiyo 139,000, mwanangu atapita Ijumaa.

---

TaaZaKatoro · saa 3:11 usiku

Shikamoo mzee. Ofa iliisha Jumatatu, bei imerudi 155,000. Ila mwanao aje, tutaongea.

---

Bwejuu · saa 3:13 usiku

Kwa hiyo ofa haijaisha.

---

Mzee wa Nyehunge · saa 3:20 usiku

Marahaba. Kwangu mimi imeisha, nitalipa 155,000. Lakini fundi aje na ngazi yake.